AllowedIPs ya WireGuard si orodha ya ngome tu

“AllowedIPs si ni anwani za intaneti zinazoruhusiwa kuunganishwa na seva yangu?”

Hapana, anwani ya intaneti ya mwenza haiangaliwi hapo kabisa, kwa kuwa anatambuliwa kwa ufunguo wake. AllowedIPs huhusu anwani zilizo ndani ya handaki. Pakiti inapotoka, seva hutafuta anwani iendako katika orodha hizo ili ijue imsimbie mwenza yupi. Inapoingia, baada ya kusimbuliwa, anwani ilikotoka lazima iwe katika orodha ya mwenza yuleyule aliyeituma, la sivyo hutupwa kimyakimya.

Chukua ofisi ya Westlands yenye seva, na ghala la Industrial Area ambalo ruta yake ni 10.8.0.3 na kompyuta zake ziko 192.168.20.0/24. Seva ikiandikiwa 10.8.0.3/32 pekee, ruta itafikika na `latest handshake` itaonekana mpya, jambo linalowapotosha wengi, ilhali pakiti za kompyuta 192.168.20.15 hazipiti. Kwenye Linux, `tcpdump` ya wg0 haitazionyesha, lakini hesabu ya makosa ya kupokea katika `ip -s link show wg0` itapanda. Kwenye seva, sehemu ya ghala iwe hivi:

```
AllowedIPs = 10.8.0.3/32, 192.168.20.0/24
```

`wg-quick` itaongeza pia njia kwenye kerneli. `wg set` haifanyi hivyo. Ukirudia masafa yaleyale kwa tawi jingine, yatahamia kwa mwenza aliyeandikwa mwisho, na ghala litanyamaza tena.