Kifungu cha mavazi kilichowagombanisha mameneja zamu

Hoteli moja hapa Arusha ilinipa kijitabu chake cha wafanyakazi nikirekebishe. Kifungu cha mavazi kilisema: "Mfanyakazi avae nguo za heshima. Wanawake wavae sketi. Vitambaa vya kichwani na rasta ni marufuku. Atakayekiuka atafukuzwa."

Niliwaita mameneja zamu wawili, mmoja mmoja, nikawauliza kuhusu suruali ya kubana ya dada wa mapokezi. Wa asubuhi akasema haina shida. Wa usiku akasema angemrudisha nyumbani. Hapo nikajua kifungu hakishikiki. Kwenye mgogoro wa kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka iangaliwe kama sharti lililovunjwa ni la busara, liko wazi, mfanyakazi alilijua, na limetumika kwa wote sawasawa. Utaitetea vipi "heshima" mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ikiwa mameneja wako wenyewe hawaelewani?

Kitambaa ndicho kilichotuchelewesha. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa dini na wa jinsia, ila kinaacha nafasi kwa sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Nikamuuliza mpishi mkuu kitambaa kinamsumbua nini. "Ncha zinaning'inia kwenye moto, kaka." Basi tukaandika sharti la ncha, kitambaa chenyewe tukakiruhusu:

"Jikoni, nywele zote zifunikwe kwa kofia, kilemba au hijabu ya rangi ya sare, ncha zikiwa zimechomekwa ndani. Mapokezi na mgahawani, shati la sare pamoja na suruali isiyobana au sketi inayofika magotini. Mfanyakazi achague mwenyewe. Nywele ndefu, rasta zikiwemo, zifungwe nyuma. Mwenye ujauzito, ulemavu au sababu ya kidini inayohitaji vazi tofauti aombe kwa ofisa rasilimali watu, naye ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku tano."

"Isiyobana" bado inaniwasha, nakiri. Tulipunguza ubishi kwa kutundika stoo suruali moja ya mfano. Mwenye shaka aende akaiangalie.

Adhabu nayo ilibadilika. Kumfukuza mtu siku ya kwanza kwa ajili ya sketi hakuendani na kosa lenyewe. Sasa meneja anamwita pembeni, anamwazima nguo ya stoo, kazi inaendelea. Akirudia ni onyo la mdomo, kisha la maandishi, na kila mara anasikilizwa kwanza.

Siku ya kusaini, yule wa usiku aliuliza taratibu: "Na bosi anayekuja mapokezi na jinzi kila Jumamosi?" Mkurugenzi alicheka peke yake. Tukaongeza maneno machache mwanzoni mwa kifungu: "kila anayesimama mbele ya wageni, mkurugenzi akiwemo".