Uru, duara na boksi: nomu tatu kwenye pepa moja ya grafu

Kila nikifundisha nomu za vekta, yaani njia za kupima ukubwa wa vekta, kuna swali linarudi: kama nomu ya jumla ndo inatoa namba kubwa kuliko wenzake, mbona mchoro wake ndo mdogo kuliko yote? Kwenye fomula hulioni jibu, chora.

Chukua vekta (3, 4). Nomu ya jumla inajumlisha tu (ukikuta hasi, itupe kwanza ile alama), 3 + 4 = 7, kama mtu anayefuata mitaa kwa sababu hawezi kupita katikati ya nyumba za watu. Nomu ya mstari mnyoofu ni Pithagorasi yuleyule wa shule, unapata 5. Ya tatu inaangalia namba kubwa na kusahau nyingine, 4.

Sasa mpira kizio ni vekta zote ambazo nomu yake haizidi 1, na usishtuke na neno mpira maana sio lazima uwe wa duara. Kwenye pepa ya grafu, viboksi 10 viwe 1. Kwa nomu ya jumla, kwenye robo ya juu kulia mpaka ni x + y = 1, mstari mnyoofu toka (1, 0) hadi (0, 1), geuza kwenye robo zote nne unapata uru wa karata. Ya Pithagorasi ni duara. Ya tatu inaruhusu x na y zifike 1 kila moja kivyake, kwa hiyo boksi lenye upande wa 2. Yote matatu yanagusana kwenye mihimili tu, kwingine uru uko ndani ya duara na duara ndani ya boksi.

Elekea upande wa (3, 4) toka katikati: unatoka kwenye uru ukiwa (3/7, 4/7), kwenye duara (0.6, 0.8), kwenye boksi (0.75, 1). Ili umbo lifike (3, 4) lazima uru ulitanue mara 7, duara mara 5, boksi mara 4, na hiyo ndo nomu yenyewe! Umbo dogo linahitaji kutanuliwa zaidi, basi.

Tofauti kubwa kabisa iko kwenye kona ya boksi, (1, 1). Duara likitanuliwa mara 1.41 hivi, yaani kipeuo cha pili cha 2, linalimeza boksi lote, uru mara 2. Kwa hiyo kwenye bapa nomu ya jumla haizidi mara 2 ya ile ya kubwa, ila mchoro usikudanganye, vekta iliyoundwa na namba 100 inaweza kufika mara 100.

Kosa ninalosahihisha sana ni uru wenye pande zilizobonyea ndani kama nyota. Pima (0.5, 0.5), jumla ni 1, lazima iwe juu ya mpaka. Ukibonyeza, (1, 0) na (0, 1) zimo lakini nukta ya katikati yao iko nje, na hapo kanuni ya pembetatu, kwamba ukijumlisha vekta mbili nomu yake haizidi nomu zao zikijumlishwa, imeshavunjika, hiyo sio nomu tena.