Laiki elfu mbili, pakiti nne

Wiki hii nimeambiwa tena: "Kaka, ile video imeuza sana, si umeona laiki?" Sijaona mauzo yoyote kwenye laiki, na aliyeniambia hajafungua daftari lake tangu aiposti. Laiki inaonyesha kidole kimegusa kioo, basi. Mtu anaweza kulaiki akiwa kwenye daladala ya Buzuruga, na dagaa hali kabisa.

Mama mmoja wa Kirumba, Mwanza, ninayemsaidia anauza dagaa wa kukaanga, pakiti ya nusu kilo shilingi 10,000, anatuma mikoani kwa basi. Aliweka posti mbili Facebook. Ya kwanza ni video ya machweo pale Jiwe la Bismarck, pakiti imeshikwa mkononi. Ya pili ni picha ya pakiti kwenye mizani, bei imeandikwa na nauli ya basi imeandikwa. Kila moja tuliipa linki yake ya WhatsApp yenye alama yake, V1 ya video na B1 ya picha:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20dagaa%20V1
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20dagaa%20B1
```

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri, na `%20` ni nafasi kati ya maneno. Mteja akigusa, ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye anabonyeza kutuma tu. Instagram linki ya kwenye kapsheni haiguswi, na ya kwenye bio ni ileile kwa posti zote, kwa hiyo huko mwambie mteja aandike neno: "Andika NUSU." Stori inakubali linki yake.

Daftari lina safu tano: tarehe aliyouliza, alama, tarakimu tatu za mwisho za namba yake, tarehe aliyolipa, kiasi. Asiyelipa, safu mbili za mwisho zinabaki wazi. Msizijaze kwa matumaini.

Baada ya mwezi, video ilikuwa na laiki 2,140. Walioandika V1 ni watu 61, waliolipa 3, pakiti 4, shilingi 40,000. Picha ya mizani ilipata laiki 48. Walioandika B1 ni 19, waliolipa 11, shilingi 310,000. Humo kuna duka la Dodoma lililochukua pakiti 12 kwa mkupuo. Mnunuzi mkubwa mmoja anaweza kuipamba posti mbovu, kwa hiyo mtoe kwanza ndipo ulinganishe. Tulipomtoa zilibaki 190,000.

Wanne kati ya hao 11 waliuliza mwanzoni mwa mwezi wakalipa baada ya tarehe 25, mshahara ulipoingia. Ukifunga hesabu baada ya siku tatu, hao wote utawaandika kuwa hawakununua. Ndiyo maana kuna safu mbili za tarehe.

Sasa jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu hata wanaopima vizuri hulisahau: mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika, mzigo kwenye soko la Mwaloni unapungua, bei inapanda. Posti ya wakati wa giza na posti ya wakati wa mbalamwezi haziuzi katika hali moja, hata kama picha ni ileile. Video yetu ilitoka siku za mbalamwezi, mama alipokuwa na mzigo kidogo na wengine akawajibu "subiri kidogo". Picha ilitoka giza likiwa limeingia. Tulikuwa tumeionea video, na ilibidi turudie mwezi uliofuata kwa kubadilishana zamu. Picha ya mizani ilishinda tena, ila safari hii 160,000 kwa 90,000. Pengo lile la mwanzo sehemu yake ilikuwa ya mbalamwezi.

Kuna shaka moja haijaniisha. Zile tarakimu tatu zilituonyesha kwamba wawili waliolipa kwa B1 waliwahi kuandika V1 wiki moja kabla. Nilifungua meseji zao kuhakikisha, ni watu walewale. Mmoja aliandika, "Mama, wewe ndiye yule wa kwenye jiwe?" Huyo aliletwa na nani? Video ilimfanya amjue muuzaji, picha ikampa bei. Na wapo walioiona video wasiandike chochote, wakaja baadaye kwa B1. Hao daftari haliwezi kuwakamata. Linki inamjua aliyeigusa tu.

Kwa wanaorudi tunaandika alama zote mbili, ya kwanza na ya mwisho. Pesa tunaihesabia ya mwisho, maana lazima ikae mstari mmoja, na kila nikijumlisha nahisi video imepunjwa kidogo.