Kilo 32 zinazoning'inia: kebo za umeme na za data katika shimo moja la wima

Mwenye jengo la orofa tano hapa Lubumbashi aliniita kwa sababu mtandao wa orofa za juu ulikuwa ukishuka kutoka Mb/s 1000 hadi 100. Nilipofungua shimo la wima lenye upana wa sm 45, nilikuta kebo 48 za data za Kat 6, zisizo na ngao, zimeshindiliwa katika trei ya mm 50 kwa 50, na kebo ya umeme ya fezi tatu, 4×50 mm² ya shaba, ikizigusa karibu njia nzima.

Nilianza na ujazo. Kebo moja ya data yenye kipenyo cha mm 6 ina eneo la takriban mm² 28, kwa hiyo zote 48 zilikula karibu mm² 1360 kati ya 2500, yaani asilimia 54. Kwenye karatasi inaonekana nusu ya trei ni tupu, lakini kebo ni za duara na huacha mapengo kati yake, hivyo kwenye asilimia 50 trei huwa imejaa kwa macho. Katika trei ya mm 100 kwa 50 ujazo ulishuka hadi asilimia 27.

Hata hivyo, kilichoharibu mtandao ni uzito. Kebo ya umeme ilikuwa imefungwa juu na chini tu. Shaba (sisi wa mji huu hatuhitaji kuelezwa uzito wake) katika kebo hiyo ni kilo 1.78 kwa mita, bila kuhesabu plastiki; kwa mita 18 ni kilo 32, na zote zilining'inia kwenye kona ya juu, zikizibana kebo za data dhidi ya ukingo wa trei. Jozi moja ya nyaya za kebo ya data ikiumia hapo, gigabiti haiwezekani tena, kwa kuwa inahitaji jozi zote nne. Niliweka vibano kila mm 550, na sasa kila kibano kinabeba takriban kilo moja ya shaba. Kebo za data nilizifunga kwa mikanda laini ya velkro, kwa kuwa mikanda ya plastiki ikikazwa huziminya vilevile.

Mwisho ni utengano wa kebo za umeme na za data, ambao mafundi wengi huukadiria kwa kiganja. Kiwango cha Ulaya cha ufungaji wa kebo, EN 50174-2, huhesabu mkondo: saketi hii ya A 125 yenye fezi tatu ni sawa na saketi 19 hivi za A 20, kwa hiyo umbali wa msingi huzidishwa mara 2. Bila trei ya chuma, mm 100 zinakuwa 200; katika trei ya chuma yenye matundu, mm 50 zinakuwa 100. Trei ya umeme ya mm 150, nafasi ya mm 100 na trei ya data ya mm 100 zilitosha katika shimo lile, zikabaki mm 100. Kebo zinapotoka kuingia orofani, pale ambapo lazima zikutane, nilizivukisha kwa pembe ya nyuzi 90.