Shimo la choo la mita 3: tofali, ukuta wa ndani na sakafu ya zege

"Udongo wa kwetu umeshikamana, kwani lazima nijengee shimo?"

Lazima. Umeshikamana kiangazi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikiingia, udongo wa kichanga wa Lindi na Mtwara unalegea, ukingo unamomonyoka na sakafu inakosa pa kukalia. Choo kikititia, familia inarudi vichakani, na wiki chache baadaye tunapokea watoto wenye kuhara. Jengea kabla ya mvua, tafadhali, na jengea hadi chini. Kozi mbili za juu, yaani safu mbili za tofali, peke yake hazizuii kitu.

"Shimo la mita 3 linakula tofali ngapi?"

Chukua shimo la duara lenye nafasi ya ndani ya mita 1.2. Kwa tofali za saruji za inchi 6, zenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, kila kozi inachukua tofali 9. Kozi moja pamoja na saruji yake ni kama sentimita 25, kwa hiyo mita 3 ni kozi 12. Ongeza kozi moja juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Jumla ni 117. Nunua 130, maana nyingine zitavunjika.

Chimba upana wa mita 1.7 fundi apate nafasi. Kozi tatu za juu zizibwe kabisa. Za chini acha viungo vya wima wazi maji yapenye, na nyuma yake jaza kokoto ili mchanga usivuje ndani.

Ukuta ukianza kuporomoka wakati wa kuchimba, mtoe fundi shimoni mara moja. Hapo panahitaji pete za zege zinazozamishwa huku mnachimba ndani yake.

"Mchanga wa ufukweni si ni mchanga tu?"

Hapana, hapana kabisa. Chumvi yake inakula nondo, nondo inavimba kwa kutu, zege linapasuka kwa chini ambako huoni. Tumia mchanga wa mtoni.

Sakafu ya duara yenye upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 8 inahitaji mfuko mmoja wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga na tano za kokoto, ndoo za lita 20. Maji yasizidi lita 25. Fundi anayeongeza ili zege liteleze analidhoofisha. Nondo za milimita 8 zipishane kila sentimita 15, zikae sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu chini ndiko kunakovutika mtu akisimama. Funika kwa magunia yenye maji siku 7, na usiipandishe shimoni kabla ya hapo.

"Sakafu imepata ufa mdogo, tuendelee kuitumia hadi tuuze korosho?"

Msiendelee. Ufa unaotoka kwenye tundu hadi ukingoni, au sakafu inayocheza ukiikanyaga, ni choo cha kufungwa leo. Zuieni watoto kwanza. Kupiga lipu juu ya ufa kunauficha tu. Mimina sakafu nyingine.