Gawio Likikaribia: Dhana Potofu za Wauzaji wa Opsheni

Hapa Mtwara wapo wanaonunua hisa za Marekani kwa simu, kisha wakauza opsheni ya kununua juu yake: una hisa 100, unampa mtu haki ya kuzichukua kwa bei mliyopatana, naye anakulipa premiamu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini hisa zimeondoka ilhali mkataba bado una siku kadhaa?

Dhana: Hisa huchukuliwa siku ya mwisho tu.

Opsheni za hisa za kampuni Marekani zinaweza kutekelezwa siku yoyote ya soko. Kwa kawaida mwenye opsheni hana haraka, maana akitekeleza mapema anapoteza thamani ya muda iliyobaki. Gawio ndilo linalombadilisha.

Tuseme hisa iko dola 54, bei ya makubaliano ni 50, zimebaki siku 9, na kesho ni tarehe inayoandikwa Ex-Date kwenye programu ya dalali, yaani siku ambayo anayenunua hisa kuanzia hapo hapati gawio linalokuja. Gawio ni dola 0.45 kwa hisa. Opsheni inauzwa 4.15. Toa 4, ile faida iliyo tayari ndani yake, inabaki thamani ya muda 0.15. Mwenye opsheni akitekeleza leo anaacha 0.15 na kupata 0.45. Atatekeleza, na wewe utaona taarifa kesho yake. Kipimo cha haraka: tazama bei ya opsheni ya kuuza yenye bei na ukomo uleule. Ikiwa chini ya gawio, hatari ipo.

Dhana: Kusogeza mkataba mbele ni kazi ya Ijumaa ya ukomo.

Kukiwa na gawio katikati, Ijumaa umeshachelewa. Mwisho wako ni kufungwa kwa soko siku moja kabla ya Ex-Date, yaani saa 5 usiku kwetu majira ya joto ya Marekani, saa 6 majira ya baridi. Kwa mfano wetu, unanunua tena opsheni kwa 4.15 na kuuza ya mwezi ujao, bei ileile ya 50, kwa 4.90. Unabaki na dola 75 kabla ya ada, na thamani ya muda mpya, 0.90, imelizidi gawio. Weka oda moja yenye pande zote mbili na bei ya kikomo, usiache upande mmoja ukining'inia.

Dhana: Kuchukuliwa hisa ni hasara, zuia kwa gharama yoyote.

Sikubaliani kabisa. Unalipwa dola 5,000 kama mlivyopatana, na premiamu ya awali ni yako. Unachokosa ni gawio la dola 45, na Mtanzania hukatwa asilimia 30 ya kodi huko Marekani kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili, kwa hiyo ni dola 31.50 tu. Ikiwa kusogeza kunakutaka uongeze pesa kuliko hiyo, na hisa hukuwa na nia ya kuzishikilia, ziache ziende.