Makato ya mkopo hayapunguzi PAYE: dhana potofu kuhusu advansi na mikopo ya wafanyakazi

Kila mwezi ukifika tarehe 20 na kitu, orodha za mishahara zinapofungwa, napokea simu ile ile. Mwezi huu nimeipokea mara tatu, na ya tatu ilitoka kwa mhasibu mzoefu kabisa: "Kaka, huyu kijana tunamkata advansi laki moja. Kwa hiyo mshahara wake mwezi huu ni laki nane badala ya laki tisa, na PAYE tunaipiga kwenye laki nane, si ndiyo?"

Siyo. Mshahara wake ni laki tisa. Ulikuwa laki tisa kabla hajakopa, na ni laki tisa wakati analipa. Kilichobadilika ni njia tu ambayo fedha inapita: sehemu inakwenda mfukoni mwake, sehemu inabaki ofisini kufuta deni la fedha aliyokwisha kuitumia.

Ukitaka kuelewa kwa nini, rudi siku aliyopewa advansi yenyewe, zile laki tatu ambazo sasa anakatwa laki moja kila mwezi. Siku ile hukumkata PAYE wala NSSF, na ulifanya sawa, kwa sababu lilikuwa deni na si kipato. Sasa ukimpunguzia kodi wakati wa kulipa, maana yake kuna laki tatu za mshahara wake ambazo hazitatozwa kodi kabisa, si siku ya kuchukua wala siku ya kurudisha. Hapo ndipo kosa lilipo, na watu wengi hawalioni kwa sababu wanatazama mwezi mmoja peke yake.

Tuhesabu kwa viwango vya Tanzania Bara. Kijana ana mshahara wa 900,000, ni mwanachama wa NSSF, anakatwa asilimia 10. Amechukua advansi ya 300,000, atairudisha kwa miezi mitatu, 100,000 kila mwezi.

Njia sahihi ni hii. Unaanza na 900,000. NSSF ni 90,000, na kwa kuwa mchango huo unatolewa kabla ya kodi, kinachotozwa kodi ni 810,000. Kwenye jedwali la PAYE kiasi hicho kinaangukia ngazi ya 760,000 hadi milioni moja: 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kile kinachozidi 760,000, yaani 12,500. PAYE ni 80,500. Kinachobaki ni 729,500. Sasa, mwisho kabisa, unatoa laki moja ya advansi, naye anapokea 629,500.

Njia ya yule mhasibu inaanza na 800,000. NSSF inakuwa 80,000, kinachotozwa kodi 720,000, PAYE 60,000, na kijana anapokea 660,000. Kila mwezi PAYE imepungua kwa 20,500. Mchango wa NSSF umepungua kwa 10,000 upande wake, na kwa 10,000 nyingine upande wa mwajiri kama mnachangia nusu kwa nusu. Ikiisha miezi mitatu, TRA wanadai 61,500 na NSSF 60,000, kabla hata hujaweka riba na adhabu. Kama kampuni inalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo imekokotolewa kwenye mshahara uliopunguzwa. Na anayedaiwa ni mwajiri, kwa sababu ndiye mwenye wajibu wa kukata na kuwasilisha. Kijana alifurahia 30,500 zaidi kila mwezi, huenda ameshahama kazi, na wewe umebaki na barua mezani.

Hili linaniumiza zaidi kwenye NSSF kuliko kwenye kodi. Upungufu wa PAYE ni wa Serikali na kampuni, lakini michango iliyopunguzwa ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, na kwa kawaida haigundui mpaka siku anafuatilia mafao yake.

Kuligundua kosa hili hakuhitaji mkaguzi. Chukua mchango wa NSSF wa mfanyakazi, uzidishe kwa 10. Jibu lisipolingana na mshahara ulio kwenye mkataba, na mwezi huo ana makato ya mkopo, umeshalipata. Dalili nyingine iko vitabuni: gharama ya mishahara inashuka miezi ambayo watu wanarudisha mikopo, wakati idadi ya wafanyakazi haijabadilika.

Ushauri wangu, na ninaurudia kwa kila mteja: kwenye Excel, safu ya mkopo iwe kulia kabisa, baada ya NSSF, PAYE na bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na isiguswe na fomula yoyote isipokuwa ile ya kiasi cha kulipwa. Na kila mkopaji awe na akaunti yake chini ya wadaiwa wafanyakazi. Siku ya kutoa fedha, akaunti hiyo inapanda 300,000 na benki inashuka. Gharama ya mishahara haiguswi. Kisha kila mwezi deni linateremka: 200,000, 100,000, sifuri. Ikigoma kufika sifuri, kuna mwezi mlikata mkasahau kuandika, au mliandika bila kukata.

Dhana potofu zilizobaki nitazipitia haraka.

"Tulikubaliana kwa mdomo, inatosha." Haitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka mfanyakazi akubali kwa maandishi kukatwa deni. Karatasi moja inatosha: kiasi, tarehe, makato ya kila mwezi, mwezi wa kuanza, na sahihi yake. Usikate hata shilingi kabla hujaishika. Watu huchanganya hapa na kile kikomo cha robo ya mshahara. Hicho kimewekwa kwa makato ya hasara au uharibifu alioufanya mfanyakazi, si kwa mkopo aliouomba mwenyewe. Hata hivyo, mimi simpitishi mtu ambaye baada ya makato yote anabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Huyo atarudi kuomba advansi nyingine kabla ya tarehe 15.

"Mkopo hauna riba, kwa hiyo hauna kodi." Inategemea. Mkopo wa muda usiofika miezi 12, ambao pamoja na mikopo yake mingine kwa mwajiri huyo hauzidi mishahara ya msingi ya miezi mitatu, hauleti kodi. Kijana wetu ukomo wake ni 2,700,000, kwa hiyo advansi yake ni salama. Lakini ukimpa 4,500,000 bila riba kwa miaka miwili, ile nafuu ya riba inahesabiwa kuwa sehemu ya kipato chake na inaingia kwenye PAYE. Wakurugenzi wanaojikopesha kwenye kampuni zao ndio hunaswa hapa mara nyingi.

"Akiacha kazi tunachukua mafao yake yote." Hapana. Mafao yaliyoko NSSF hayamhusu mwajiri hata kidogo. Mshahara wa mwisho, malipo ya likizo na kiinua mgongo vinaweza kukatwa salio la mkopo iwapo ile karatasi aliyosaini inasema hivyo waziwazi. Ndiyo maana sentensi hiyo naiweka mimi mwenyewe kwenye kila fomu. Na hapo pia mpangilio ni ule ule: unajumlisha stahili zake, unatoa kodi na michango inayohusika, kisha ndipo unatoa salio la mkopo. Likizidi kilichobaki, unabaki unamdai kama mdaiwa mwingine yeyote, na cheti chake cha utumishi unampa.